Noti Tatu, Sekunde Sita: Utungo, Rekodi na Swali la Uasilia katika Muziki wa Kunyofoa Sauti

Ikisiri

Mjadala wa kitaaluma kuhusu unyofoaji wa sauti katika muziki wa kisasa umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya ukosoaji wa dhana ya mtunzi kama mtu mmoja mwenye kipaji kinachoumba kitu kisichokuwapo. Makala haya yanadai kwamba ukosoaji huo, ingawa ni sahihi, unagusa nusu tu ya jambo. Kwa kufuatilia shauri la mpiga filimbi James Newton dhidi ya kundi la Beastie Boys nchini Marekani, na kulilinganisha na mashauri mengine mawili, makala yanaonyesha kwamba sheria hupima vitu viwili tofauti, yaani utungo na rekodi, kwa mizani miwili isiyofanana, na kwamba uasilia wa mwanamuziki mara nyingi huangukia katika pengo lililo kati ya mizani hizo.

1.0 Utangulizi

Tarehe 17 Desemba 1991, Jaji Kevin Thomas Duffy wa mahakama ya shirikisho jijini New York alitoa uamuzi katika shauri lililomhusu mfokaji Biz Markie, ambaye alikuwa amechukua kipande cha rekodi ya mwimbaji Gilbert O'Sullivan na kukitumia katika wimbo wake bila ruhusa. Jaji aliufungua uamuzi huo kwa amri ya Kutoka inayokataza wizi, kisha akaufunga kwa kupeleka jalada kwa mwendesha mashitaka wa serikali ili aangalie kama kuna jinai. Katikati ya hayo mawili kuna hoja chache sana za kisheria. Kilichobishaniwa hasa ni nani mwenye mali. Kwamba kuchukua ni kuiba kulichukuliwa kuwa jambo lisilohitaji kuthibitishwa.

Wanazuoni wengi walioandika juu ya unyofoaji wameanzia hapo, nao wana sababu. Neno “wizi” linapotangulia, mjadala huwa umekwisha kabla haujaanza. Tricia Rose (1994), katika utafiti wake kuhusu muziki wa kufokafoka na utamaduni wa Wamarekani weusi, alionyesha kwamba kwa watengenezaji wa muziki huo kifaa cha kunyofolea sauti ni ala, tena ala yenye ufundi wake, na kwamba kurejelea rekodi za zamani ni njia ya kuwataja na kuwaheshimu waliotangulia. Siva Vaidhyanathan (2001) na Joanna Demers (2006) walifuata njia hiyo kwa namna tofauti, wakionyesha jinsi sheria ilivyozidi kukaza kadiri miaka ilivyosonga.

Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, nimekuwa nikisumbuliwa na jambo moja tangu nilipoanza kulifundisha somo hili kwa wanafunzi wa uzamili. Kila tunaposema “wimbo umechukuliwa”, tunatumia nomino moja kwa vitu ambavyo sheria inavihesabu kuwa viwili. Mwanaisimu hawezi kuliacha jambo hilo lipite, kwa sababu kutofautisha vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja ndiyo kazi yake ya kila siku.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu istilahi. Katika studio zetu vijana husema “kusampo”, nami sina ugomvi na neno hilo. Katika makala haya natumia “kunyofoa”, kwa maana ya kukata kipande cha sauti iliyokwisha kurekodiwa na kukiingiza katika rekodi mpya, kwa sababu kitenzi hicho kinabeba wazo la kitu kilichotoka mahali na mahali hapo pakabaki. Kunyofoa ni tofauti na kuiga. Anayeiga hupiga upya. Anayenyofoa huchukua sauti yenyewe.

2.0 Vitu viwili ndani ya sauti moja

Kitu cha kwanza ni utungo, yaani mpangilio wa noti, mapigo na maneno ambao unaweza kuandikwa katika karatasi na kupigwa na mtu yeyote. Kitu cha pili ni rekodi, yaani sauti zile hasa zilizonaswa siku fulani, chumba fulani, kwa kidole na pumzi ya mtu fulani. Mwenye utungo kwa kawaida ni mtunzi au mchapishaji wake. Mwenye rekodi mara nyingi ni kampuni iliyogharimia studio. Anayenyofoa huvigusa vyote viwili kwa mkato mmoja, na kwa hiyo huhitaji ruhusa mbili.

Tanzania ina msamiati unaouonyesha mgawanyo wa aina hii vizuri kuliko tunavyoutumia. Sheria ya mwaka 1999 inazungumzia hakimiliki na hakishiriki, na hiyo ya pili ndiyo inayowahusu wasanii wa maonyesho na watayarishaji wa rekodi. Inafaa kuongeza kwamba Kiingereza kiliijenga istilahi yake juu ya nakala, Kifaransa juu ya mtunzi, na Kijerumani juu ya mwanzilishi wa kitu. Sisi tuliijenga yetu juu ya umiliki. Katika neno “hakimiliki” mtunzi hayumo wala nakala haimo. Sidai kwamba neno huamua sheria, lakini ni vema tukumbuke kwamba tunapolitamka tunakuwa tayari tumeshika upande wa mwenye mali, awe ndiye aliyeimba au siye.

Nchini Marekani rekodi zilianza kulindwa na sheria ya shirikisho kuanzia tarehe 15 Februari 1972. Kabla ya hapo ulinzi wake ulitegemea sheria za majimbo. Tarehe hiyo ina maana kubwa kwa historia yetu, kwa kuwa sehemu nono ya hazina ya wanyofoaji ilirekodiwa kabla yake. Mapigo ya Clyde Stubblefield katika “Funky Drummer” ya James Brown, yaliyotoka mwaka 1970 na kunyofolewa pengine kuliko karibu mapigo mengine yote duniani, ni mfano unaojulikana. Utungo uliandikishwa kwa jina la Brown. Rekodi haikuwa ya mpiga ngoma. Stubblefield, aliyefariki mwaka 2017, hakuwa na karatasi yoyote iliyosema kwamba mapigo yale ni yake, ijapokuwa hakuna msikilizaji aliyewahi kudhani ni ya mtu mwingine.

3.0 Shauri la Newton

Pengo ninalolizungumzia lilianikwa wazi kuliko mahali pengine popote katika shauri la James Newton. Newton ni mpiga filimbi na mtunzi Mmarekani mweusi. Mwaka 1978 alitunga kipande alichokiita “Choir”, ambacho, kwa maelezo yake, kilitokana na kumbukumbu yake ya kwanza kabisa ya muziki: wanawake wanne waliokuwa wakiimba kanisani, katika kijiji cha jimbo la Arkansas. Katika kipande hicho mpigaji hupuliza filimbi na kuimba kwa wakati mmoja. Sauti ya koo na sauti ya filimbi zinapokutana ndani ya mrija zinagongana na kuzaa sauti za ziada ambazo hazipigwi na chombo wala haziimbwi na koo. Zinasikika tu, kama kwamba kuna watu zaidi ya mmoja. Ndiyo maana ya jina la kipande. Mtu mmoja anakuwa kwaya.

Mwaka 1981 Newton alikirekodi kipande hicho, na haki zote za rekodi akazikabidhi kwa kampuni ya ECM kwa dola 5,000. Haki za utungo alibaki nazo mwenyewe. Mwaka 1992 Beastie Boys walinyofoa sekunde sita za mwanzo wa rekodi hiyo kwa ajili ya wimbo wao “Pass the Mic”, wakazizungusha zijirudie zaidi ya mara 40 katika matoleo mbalimbali ya wimbo. Hawakuchukua kimyakimya. Waliomba leseni kwa ECM na kulipa dola 1,000, mara moja tu. Kwa Newton hawakuomba, kwa sababu waliona kwamba kilichokuwamo ndani ya sekunde zile sita kwa upande wa utungo kilikuwa kidogo mno kuhitaji ruhusa. Newton aligundua baadaye, na mwaka 2000 akafungua shauri akiwa mwenye utungo.

Basi mahakama ilikuwa na swali moja: ukiiondoa rekodi, ambayo imekwisha kulipiwa, kinabaki nini ndani ya sekunde sita? Karatasi ya Newton ilisema kinabaki hiki: noti tatu zinazoimbwa, C, kisha D iliyoshushwa nusu hatua, kisha C tena, juu ya noti moja ya C inayoshikiliwa na filimbi. Kuna pia maelekezo kwamba kipande kipigwe polepole bila kufuata mapigo ya kuhesabu. Zaidi ya hapo karatasi haisemi mengi.

Wataalamu wa muziki walioletwa na Newton walieleza kwa urefu jinsi anavyopuliza kwa nguvu isiyo ya kawaida, jinsi anavyoikunja sauti yake ili igongane na ile ya filimbi, na jinsi sauti za ziada zinavyotokea. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, katika uamuzi wa mwaka 2003 uliorekebishwa 2004, iliyasikia hayo yote na kuyaweka kando. Hayo, ilisema, ni namna Newton alivyopiga. Hayamo katika karatasi. Kwa hiyo ni mali ya rekodi, na rekodi ina leseni. Kilichobaki, noti tatu katika kipande cha dakika nne na nusu, kilikuwa kidogo kwa wingi na kidogo kwa uzito, na sheria haijishughulishi na vitu vidogo kiasi hicho. Jaji mmoja kati ya watatu, Susan Graber, alipinga, akiona kwamba baraza la wazee wa mahakama lingeweza kwa haki kuona kwamba noti zile, kwa namna zilivyoandikwa, zilikuwa na uzito wa kutosha katika kipande kizima. Alibaki peke yake.

Niliwahi kuwaandikia wanafunzi noti hizo tatu ubaoni kabla ya kuwasikilizisha chochote, nikawauliza kama kuna mtu anayeweza kuzimiliki. Walicheka. Kisha nikawasikilizisha sekunde sita zenyewe, na kicheko kikaisha. Mahakama haikukosea kuhesabu. Tatizo ni kwamba ilihesabu kwa chombo ambacho hakikuundwa kukipima kitu kile.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Desturi nzima ya muziki aliyorithi Newton, kutoka kanisani Arkansas hadi jazi ya majaribio, huuweka ubunifu wake katika umbile la sauti: ukwaruzo, mguno, pumzi, jinsi noti inavyoingiwa na jinsi inavyoachwa. Nukuu ya muziki ya Ulaya ilibuniwa kwa ajili ya kitu kingine, yaani kupanda na kushuka kwa sauti na urefu wake. Inapotumiwa kumpima Newton, inafanya kama mtu anayeiandika lugha ya toni kwa alfabeti isiyo na alama za toni, kisha akatangaza kwamba maneno mawili yaliyo tofauti kabisa ni neno moja. Olufunmilayo Arewa (2006) ameieleza vizuri historia ya upendeleo huo wa karatasi katika sheria ya muziki. Mimi naongeza tu kwamba katika shauri hili upendeleo haukumfaidi mtunzi wala kumwadhibu mnyofoaji. Uliihamisha kazi ya mtunzi, sehemu yake iliyo bora, kutoka mkononi mwake hadi mkononi mwa mwenye rekodi, kwa bei ya dola 5,000 iliyokwisha kulipwa.

Lakini haki itendeke pia kwa upande wa pili. Newton alikuwa ametia saini. Beastie Boys walikuwa wameomba na kulipa. Wanaotaka shauri hili liwe hadithi ya watu weupe kumwibia mtu mweusi wanalirahisisha, na wanapolirahisisha wanakosa kuona kwamba hakuna aliyevunja sheria hata mmoja, na bado kuna kitu kilipotea.

4.0 Sekunde mbili za gitaa

Kama uasilia wa utungo hupimwa kwa noti, uasilia wa rekodi hupimwa kwa nini? Shauri la Bridgeport lililoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita mwaka 2004, na uamuzi wake kurekebishwa 2005, lilijibu: haupimwi.

Kipande kilichogombaniwa kilitoka katika wimbo wa Funkadelic wa mwaka 1975. Kilikuwa sekunde mbili za gitaa, noti tatu zinazopigwa mfululizo kwa kasi. Kundi la N.W.A. lilikinyofoa mwaka 1990, likakishusha sauti, likakizungusha na kukirefusha hadi mapigo 16, kikawa mlio unaofanana na king'ora nyuma ya sauti za wafokaji. Jaji wa kwanza alisikiliza na kusema kwamba hakuna msikilizaji wa kawaida, hata shabiki wa Funkadelic, ambaye angekitambua. Kwa mizani ya Newton shauri lingeishia hapo.

Mahakama ya rufaa ilikataa. Kwa rekodi, ilisema, swali la udogo haliulizwi kabisa: anayetaka kunyofoa atafute leseni, vinginevyo asinyofoe. Sababu zilizotolewa zinastahili kusomwa kwa makini, kwa kuwa si za kisanaa. Kanuni iliyo wazi ni rahisi kutekeleza. Anayeutaka mlio ule yuko huru kuingia studio na kuupiga upya, kwa maana sheria ya Marekani hairuhusu mwenye rekodi kumzuia mwigaji. Tena hakuna anayenyofoa kwa bahati mbaya. Anayechukua sekunde mbili anajua kwamba anachukua. Aliyekuwa akidai haki ya rekodi ni kampuni, na hakuna mahali popote alipotakiwa kueleza ni nini kilichokuwa cha kibunifu katika sekunde zile.

Tukiziweka hukumu hizi mbili pamoja, tunapata jambo la kushangaza. Noti tatu za Newton, zilizozaa kitu ambacho hakuna aliyekisikia kabla yake, ni ndogo mno kulindwa. Noti tatu za gitaa, zilizobadilishwa hadi hazitambuliki, haziwezi kuguswa. Tofauti haitokani na uasilia wa kipande wala uasilia wa aliyekichukua. Inatokana na karatasi ambayo mdai alikuja nayo mahakamani.

Kanuni ya Bridgeport haikukubaliwa kila mahali. Mwaka 2016 ile mahakama ya Mzunguko wa Tisa ilikataa kuifuata katika shauri lililohusu wimbo “Vogue” wa Madonna, ambapo kilichodaiwa kunyofolewa kilikuwa mlio wa tarumbeta wa sekunde 0.23. Kwa hiyo leo, katika nchi moja, chini ya sheria moja, jibu linategemea jimbo ambalo mdai amefungulia shauri. Wenye studio hawasubiri jibu; wanasheria wao huomba leseni kwa kila kitu, au huondoa.

5.0 Mtunzi wanayemkosoa wanazuoni

Sasa turudi kwa wanazuoni. Tangu Martha Woodmansee alipochapisha mwaka 1984 utafiti wake kuhusu kipaji na haki ya mtunzi, imekuwa kawaida kueleza kwamba mtunzi tunayemjua alizuliwa Ulaya ya karne ya 18. Waandishi wa Kijerumani waliotaka kuishi kwa kalamu walihitaji kueleza kwa nini kitabu kilichokwisha nunuliwa bado ni chao kwa namna fulani. Fichte, mwaka 1793, aliwapa jibu: karatasi ni ya mnunuzi, mawazo ni ya wote wanaoyaelewa, lakini umbo ambalo mawazo hayo yamevikwa ni la mwandishi peke yake, kwa sababu hakuna wawili wanaofikiri kwa umbo moja. Kutoka hapo, pamoja na Barthes na Foucault, imejengwa hoja kwamba sheria inamlinda mtu ambaye hayupo, na kwamba muziki wa kunyofoa unaifichua njozi hiyo.

Hoja hii ina nguvu kwa upande wa utungo, ingawa hata huko imetiwa chumvi. Mwezi Machi 1991, miezi tisa kabla ya Jaji Duffy kunukuu Kutoka, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika shauri la kitabu cha namba za simu cha Kansas kwamba uasilia unaotakiwa na sheria ni kutonakili na kuwa na chembe ndogo ya ubunifu, basi. Orodha ya majina kwa mpangilio wa alfabeti ilishindwa kufikia kiwango hicho, lakini karibu kila kitu kingine hukifikia. Kipaji kikuu hakimo katika sheria. Kimo katika sifa za vitabu na katika hotuba za mawakili.

Kwa upande wa rekodi hoja haina pa kushika. Kilichomshinda mnyofoaji wa Bridgeport si kipaji cha mtu yeyote. Ni uwekezaji uliogandishwa kwenye utepe. Unaweza kumzika mtunzi wa Fichte kwa heshima zote, na leseni ya rekodi bado itatakiwa kesho asubuhi. McLeod na DiCola (2011) waliipigia hesabu hali hii, wakakadiria kwamba albamu kama Fear of a Black Planet ya Public Enemy na Paul's Boutique ya Beastie Boys, kwa bei za leseni za wakati walipoandika, zingeleta hasara kwa kila nakala iliyouzwa. Hilo ni suala la bei na la idadi ya milango ya kubisha. Nadharia ya mtunzi haiwezi kulieleza, na nadhani tumepoteza miaka kadhaa tukiitaka ilieleze.

Kazi ninayoiona kuwa na manufaa zaidi ni ile ya Joseph Schloss (2004), aliyekaa na watengenezaji wa mapigo na kuwasikiliza wakibishana. Alikuta kwamba wana sheria zao, kali kuliko zile za mahakama katika baadhi ya mambo. Hunyofoi kipande ambacho mwenzako amekwisha kunyofoa, labda uwe umekigeuza kabisa. Hunyofoi kutoka albamu za mkusanyiko zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyofoaji, kwa sababu kazi ya kutafuta imefanywa na mwingine. Santuri uitafute mwenyewe. Anayevunja kanuni hizi hudharauliwa kwa kuwa “ameng'ata” kazi ya mwenziwe. Basi uasilia upo, tena unalindwa kwa wivu. Ila umekaa katika kutafuta, kuchagua na kugeuza. Wanaosema kwamba wanyofoaji wameiua dhana ya uasilia hawajawahi kukaa na mnyofoaji aliyeng'atwa.

Msomaji wa jarida hili atakuwa amekwisha kukumbuka takhmisi. Katika Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa kwa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, beti za Liyongo zimechukuliwa zilivyo na kutanguliziwa vipande vitatu vipya vinavyofuata kina chake. Hakuna anayemwita Sayyid Abdalla mwizi, na hakuna anayesema hakutunga. Lakini naomba tusiikimbilie takhmisi kama jibu. Mwenye kutunga takhmisi huiga, hanyofoi. Anayachukua maneno, yaani utungo, wala hakuwapo mtu wa tatu aliyemiliki sauti ya Liyongo. Kinachotufaa katika takhmisi ni jambo moja jembamba: kazi yake inadai kwamba kilichochukuliwa kitambulike. Msomaji asiyezijua beti za awali anapata nusu ya raha.

6.0 Hamburg na neno lililotafutiwa maana

Utambulikaji huo ndio uliokuja kuwa fundo huko Ujerumani, katika shauri ambalo limedumu kuliko kundi lolote la muziki linavyodumu. Mwaka 1997 Moses Pelham na Martin Haas walinyofoa takriban sekunde mbili za mapigo kutoka “Metall auf Metall” ya Kraftwerk ya mwaka 1977, wakazizungusha chini ya wimbo wa Sabrina Setlur. Mahakama ya Hamburg ilitoa hukumu yake ya kwanza mwaka 2004. Mahakama ya juu ya shirikisho ililipokea shauri mara kadhaa. Mwaka 2012 ilisema kwamba kunyofoa hakuruhusiwi ikiwa mtayarishaji wa uwezo wa wastani angeweza kuitengeneza sauti hiyo mwenyewe. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ilitengua, ikisema uhuru wa sanaa haukupewa uzito unaostahili, na kwamba kumwambia mfokaji apige upya ni kutoielewa sanaa yake.

Tarehe 29 Julai 2019 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilijibu kwa namna inayostahili kutazamwa na mwanaisimu yeyote. Kunyofoa kipande, hata kiwe kifupi namna gani, ni kurudufu rekodi, isipokuwa kama kimegeuzwa hadi sikio halikitambui. Wakati huohuo, anayetaka kujitetea kwamba amenukuu lazima kinukuliwacho kitambulike, kwa maana nukuu ni mazungumzo na kazi ya awali. Kwa hiyo anayeficha yuko salama, na anayetaja chanzo chake kwa sauti ndiye anayehitaji utetezi. Mshairi wa takhmisi angekuwa mahali pabaya.

Mwaka 2021 Ujerumani iliingiza katika sheria yake ruhusa mpya kwa kazi za aina iitwayo pastishi, neno la Kifaransa lililotoka Kiitaliano, ambalo hutumika kwa uandishi unaoiga mtindo wa mwingine. Mwaka uliofuata mahakama ya Hamburg ikaona kwamba wimbo wa Setlur, kwa kipindi cha tangu sheria hiyo ianze, unaingia humo. Septemba 2023 mahakama ya juu ilisimamisha shauri na kuandika tena kwa Mahakama ya Ulaya, safari hii ikiuliza pastishi ni nini: je, ni kapu la kupokea kila mazungumzo ya kisanaa na kazi iliyotangulia, au lina mipaka, kama vile ucheshi, kuiga mtindo au kuenzi? Na je, yatosha kwamba anayeijua kazi ya awali ataitambua, au lazima mnyofoaji awe alikusudia?

Florian Schneider, mmoja wa waanzilishi wawili wa Kraftwerk, alifariki mwaka 2020, kabla swali hilo halijaandikwa. Sekunde mbili za mapigo zimewapitisha majaji katika ngazi zote za mahakama, na walipofika mwisho wa ngazi wamekuta mlangoni swali la maana ya neno. Ikiwa nasi siku moja tutalazimika kuitafsiri ruhusa hiyo katika sheria zetu, sijui kamusi yetu itaweka neno gani hapo. “Mwigo” haufai, kwa kuwa kuiga ndiko hasa ambako wanyofoaji hawakufanya.